Kadi ya Ukaazi Bado Hai, Ukaazi Umekufa: Mambo Yanayowakwamisha Wafanyakazi Wetu Wakirudi Uarabuni

Kila mwaka, tangu majuma ya Majilio hadi baada ya Pasaka, parokia zetu za Dodoma hupokea wageni ambao kwa kweli si wageni. Ni mabinti na vijana wetu wanaofanya kazi Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, ambao wamepewa likizo na waajiri wao na kuja kuwaona wazazi. Huonekana kanisani Dominika mbili au tatu, hutoa shukrani jumuiyani, hulipa ada ya mdogo wao shuleni, kisha huondoka tena. Makala hii inahusu kuondoka huko. Kuja nyumbani ni rahisi: Mtanzania mwenye pasi halali ya kusafiria haulizwi mengi, maana nchi yake haiwezi kumkataa. Shida ipo siku ya kurudi kazini, nayo haimngoji Maskati wala Riyadh, bali humkuta hapahapa, mbele ya kaunta ya shirika la ndege katika Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, mizigo ikiwa tayari iko kwenye mizani.

Jambo lenyewe hutokea hivi. Dada anatoa pasi na kadi yake ya ukaazi. Kadi imeandikwa kwamba itakwisha mwaka ujao. Mhudumu anaandika namba kwenye kompyuta, anasoma, anamwita mwenzake, wanasoma tena wawili, kisha wanamwambia kwamba hawezi kusafiri. Dada anaonyesha tarehe iliyo kwenye kadi. Wanamjibu kwamba wameiona. Yeye anadhani ameonewa, na ndugu waliomsindikiza wanaanza kutafuta mtu mkubwa wa kumpigia simu. Lakini mara nyingi hakuna aliyemwonea mtu. Kadi ni halali kwa macho, ila ukaazi uliokuwa nyuma ya kadi hiyo umekwisha kufutika, na yeye hakuwa na habari.

Kwanza tueleze kwa nini mhudumu wa ndege, ambaye si askari wala afisa wa serikali yoyote, ana uwezo wa kumzuia mtu. Usafiri wa anga wa kimataifa huongozwa na Mkataba wa Chikago wa mwaka 1944. Kiambatisho cha 9 cha mkataba huo kinalipa shirika la ndege wajibu wa kuhakikisha, pale abiria anapopandia, kwamba anazo hati zinazotakiwa na nchi aendayo. Abiria akifika na kukataliwa mlangoni, shirika lililomleta ndilo linalopaswa kumwondoa, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Kwa sababu hiyo mashirika hutumia hifadhi ya taarifa iitwayo Timatic, inayotunzwa na Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Humo mmeandikwa masharti ya kuingia kila nchi kwa kila uraia. Mhudumu huingiza uraia wako, nchi unayotoka, nchi unayokwenda na aina ya hati uliyo nayo, kisha husoma jibu. Kwa nchi kadhaa, kompyuta huulizana pia moja kwa moja na mitambo ya uhamiaji ya nchi hiyo kwa kutumia namba ya pasi.

Ndiyo maana machozi hayasaidii kaunta, wala barua ya paroko haisaidii. Tunalisema hili wazi kwa kuwa mapadre wetu huombwa barua hizo, nao huziandika kwa moyo mwema, kueleza kwamba mbebaji ni mwamini mwenye tabia njema na kwamba alichelewa kwa sababu ya msiba au ugonjwa wa mzazi. Barua hiyo ni ya kweli, lakini haimo katika orodha anayoisoma mhudumu. Hata huruma yake haimo.

Vitu vitatu vinavyodhaniwa kuwa kimoja

Wafanyakazi wengi huzitia hati zao zote katika mfuko mmoja wa plastiki, na pengine hapo ndipo wazo linapoanza kwamba zote ni kitu kimoja. Sivyo. Pasi ya kusafiria husema wewe ni nani na ni raia wa nchi gani. Kadi ya ukaazi, ambayo wenzetu wa Oman huiita bataka na wale wa Saudia huiita ikama, husema kwamba nchi ile imekuruhusu kuishi kwake chini ya mwajiri fulani. Kitu cha tatu ni haki ya kurudi baada ya kutoka. Katika nchi nyingine haki hiyo imo ndani ya ukaazi wenyewe lakini ina kikomo cha siku. Katika nchi nyingine ni ruhusa ya pekee, inayoombwa kila unapotoka. Anayekwama kaunta mara nyingi amekikosa hicho cha tatu, akidhani kimo ndani ya cha pili.

Tuanze na Oman, kwa kuwa ndiko waliko ndugu zetu wengi, na tufuate mfano mmoja hadi mwisho. Dada wa Chamwino anafanya kazi za nyumbani Maskati. Kadi yake ni ya miaka miwili, nayo itakwisha mwezi wa tatu mwaka 2027. Mwajiri wake anampa likizo ya miezi miwili, naye anaondoka Maskati tarehe 10 Januari 2026. Oman haimdai ruhusa nyingine ya kurudi. Ukaazi wake unatosha, kwa sharti kwamba asikae nje ya nchi ile zaidi ya siku 180 mfululizo. Akizidisha, ukaazi hufutika, hata kama kadi iliyo mkononi mwake inaonyesha mwaka 2027.

Likizo inapokaribia kwisha, mama yake anapata kiharusi. Hakuna mwingine wa kumgeuza kitandani wala kumpeleka kliniki. Dada anampigia mwajiri simu, na mwajiri, ambaye ni mtu mwema, anamwambia akae amuuguze mama yake hata miezi sita. Yeye anahesabu kwa vidole: Januari hadi Julai ni miezi sita, basi atarudi tarehe 10 Julai. Hapo amekosea kwa siku moja. Siku 180 tangu tarehe 10 Januari 2026 hutimia tarehe 9 Julai. Tuhesabu: Januari imebakiza siku 21, Februari ina 28, Machi 31, Aprili 30, Mei 31, Juni 30, hizo ni 171. Ongeza 9 za Julai, unapata 180. Tarehe 10 Julai ni siku ya 181. Miezi sita na siku 180 si kitu kimoja, na kompyuta huhesabu siku.

Liko kosa la pili lililofichika ndani ya la kwanza. Siku inayohesabiwa ni ile ya kupita kwenye dawati la uhamiaji Maskati, si ile ya kupanda ndege Dar es Salaam. Ndege inayoondoka Dar jioni hutumia saa tano na zaidi hadi Maskati, na saa za kule zimetangulia zetu kwa saa moja, hivyo hufika usiku wa manane umepita na tarehe imegeuka. Ukiongeza safari inayozunguka kupitia Adis Ababa, na ndege moja ikichelewa, siku nyingine imekwenda. Mtu mwenye busara haliwekei jambo hili nafasi ya saa chache. Angekata tiketi ya juma la mwisho la Juni.

Je, ruhusa ya mwajiri haikusogeza mbele siku zile? Haikusogeza. Mwajiri anaweza kuongeza likizo, maana likizo ni yake kuitoa. Siku 180 ni za serikali. Wala cheti cha hospitali hakisimamishi hesabu kwa chenyewe. Mwajiri anaweza kukitumia kuomba kibali akitaka, lakini dada asikae Chamwino akiamini kwamba cheti kilicho ndani ya Biblia yake kinafanya kazi Maskati.

Njia zilizokuwa wazi kwake zilikuwa mbili, na zote zilitaka uamuzi mapema, tuseme ilipofika siku ya 120 au 130. Ya kwanza ni kurudi Oman kabla ya kikomo, kuingia, na baadaye kuomba likizo nyingine. Akishaingia, hesabu huanza upya atakapotoka tena. Njia hii inadai nauli mara mbili na mwajiri mwenye subira. Ya pili ni kuamua kwa macho makavu kwamba atabaki na mama, kumjulisha mwajiri, na kuuacha ukaazi ufutike, akijua kwamba akitaka kurudi siku moja ataanza upya: viza mpya ya kazi, vipimo vya afya, mkataba mpya. Hakuna anayeweza kumchagulia kati ya hizo. Lakini kuchagua ni tofauti na kugundua kaunta kwamba umekwisha kuchaguliwa. Na hapa tuseme neno moja kwa jumuiya ndogondogo: wanajumuiya wangepokezana zamu kwa mama yule kwa miezi miwili tu, dada angerudi kwa wakati. Katika habari za namna hii tulizozisikia, ugonjwa wa mzazi hutajwa mara nyingi kuliko uzembe wowote.

Saudia na karatasi ya kutoka

Saudi Arabia mambo ni mengine kabisa. Kule ikama peke yake haikurudishi. Kabla ya kutoka lazima pawepo viza ya kutoka na kurudi, ambayo kwa Kiarabu huitwa khuruji wa auda. Kwa mfanyakazi wa nyumbani, viza hiyo hutolewa na mwajiri kupitia mtandao wa serikali uitwao Absher. Kampuni hutumia ule wa Muqeem. Ada yake ni riyali 200 kwa safari moja ya hadi miezi miwili, na riyali 100 kwa kila mwezi unaoongezwa. Hakuna muhuri unaobandikwa kwenye pasi. Viza imo kwenye mtandao, na mfanyakazi hupewa karatasi iliyochapishwa, au hapewi kitu kabisa.

Kwa kuwa hapewi kitu, au hupewa karatasi asiyoisoma, kosa kubwa kuliko yote hutokea siku ya kuondoka bila yeye kujua. Ipo viza nyingine inayofanana na hiyo kwa sura, iitwayo khuruji nihai, yaani kutoka kwa moja kwa moja. Hiyo hufunga ikama na kumaliza ajira. Mfanyakazi huambiwa tu kwamba karatasi ya safari iko tayari, hufika nyumbani akiamini yuko likizo, huacha nguo na akiba yake ndogo chumbani kwa mwajiri, na baada ya miezi miwili huambiwa kaunta kwamba hana viza yoyote. Pengine mwajiri alikusudia, pengine alibonyeza mahali pasipo. Kuitambua si kazi ngumu: karatasi ina maneno ya Kiarabu na ya Kiingereza, na juu huandikwa ama Exit Re-Entry ama Final Exit. Mwenye karatasi ya pili asiondoke kabla ya kuuliza, maana kuuliza akiwa bado Jidda ni jambo la simu moja, na kuuliza akiwa Kongwa ni jambo la miezi.

Viza ya kutoka na kurudi ina hesabu ya aina mbili, na zinachanganya watu. Ikitolewa kwa muda, mathamani siku 60 au 90, muda huo huanza siku unapotoka, nawe umepewa miezi mitatu tangu ilipotolewa uwe umeondoka. Ikitolewa kwa tarehe, yaani imeandikwa kwamba urudi kabla ya siku fulani, basi siku hiyo haibadiliki hata ukichelewa kuondoka juma zima. Soma karatasi ujue yako ni ipi. Ukiona muda hautoshi, mwajiri anaweza kuiongeza kwa Absher wewe ukiwa huku huku nyumbani, lakini ikama nayo iwe hai. Mwambie mapema, si juma la mwisho. Na unaweza kujiangalizia mwenyewe: ukurasa wa muqeem.sa una huduma ya kuhakiki viza, ambapo unaandika namba ya ikama na taarifa nyingine moja, kama namba ya pasi au ya viza, nao unaonyesha kama viza iko hai na itakwisha lini. Kijana yeyote wa parokia mwenye simu anaweza kumsaidia mama asiyezoea mitandao. Chapisha jibu, uende nalo uwanjani.

Neno dogo kuhusu tarehe. Katika hati za Saudia huenda ukakuta mwaka 1447 au 1448. Hiyo ni kalenda ya Kiislamu, ambayo mwaka wake ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11. Usikadirie. Mwombe anayejua akugeuzie tarehe hiyo, au tumia huduma ile ya mtandaoni.

Falme za Kiarabu tunapita haraka, kwa kuwa zinafanana na Oman. Kikomo ni siku 180, isipokuwa kwa wenye ukaazi wa aina za pekee. Tangu mwezi wa nne mwaka 2022 hawabandiki tena viza kwenye pasi; ushahidi ni kitambulisho chao cha taifa cha mkaazi, na mhudumu wa ndege huhakiki kwa namba ya pasi. Tofauti yao njema ni kwamba, tangu mwaka 2023, aliyepitisha siku 180 anaweza kuomba kibali cha kurudi akiwa nje, kwa sababu yenye ushahidi kama ugonjwa. Hutozwa faini ya dirhamu 100 kwa kila siku 30 au pungufu alizozidisha, na akikubaliwa huwa na siku 30 za kuingia. Hapo cheti cha hospitali kina kazi. Mtu wa Dubai akimsimulia mtu wa Maskati habari hiyo, mtu wa Maskati asiichukue kama yake.

Pasi mpya, namba mpya

Kuna jambo linalowakwamisha hata waliohesabu siku vizuri. Pasi zetu za kielektroniki zilianza kutolewa mwaka 2018, za kawaida huwa za miaka kumi, na wengi hutumia likizo kupata mpya katika ofisi ya Uhamiaji hapa Dodoma. Ni wazo zuri, kwani pasi iliyobakiza chini ya miezi sita huleta maswali karibu kila mpaka. Lakini pasi mpya ina namba mpya, na ukaazi wako kule umefungwa kwenye namba ya zamani. Mhudumu akiingiza namba mpya, mitambo ya nchi ile inajibu kwamba haikufahamu.

Basi, mambo mawili. Pasi ya zamani, hata ikiwa imekatwa pembe, usiitupe wala kuiacha kwa mjomba. Isafiri nawe pamoja na mpya. Kisha mpelekee mwajiri picha ya ukurasa wenye sura yako mara tu upatapo pasi mpya, ili taarifa zihamishwe kwenye ukaazi wako kabla ya tarehe ya safari. Kwa Saudia mwajiri hulifanya hilo katika Absher. Chunguza pia majina. Kama cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na pasi ya zamani vilikuwa na jina la babu lililoandikwa kwa namna tofauti, huenda pasi mpya ikafuata NIDA, na kadi ya ukaazi ikabaki na jina la zamani. Tofauti ya herufi moja huweza kuvumiliwa. Jina zima likikosekana, si rahisi. Tiketi ikatwe kwa jina la pasi utakayoionyesha, si kwa jina la ubatizo linalotumiwa nyumbani. Wapo wanaoitwa Theresia na parokia nzima, na pasi haina Theresia.

Kwa kuwa tumetaja ubatizo: mwenye kukusudia kufunga ndoa akiwa kule, labda katika parokia ya Watakatifu Petro na Paulo ya Ruwi au ya Roho Mtakatifu ya Ghala, ambako waamini wetu wengi wa Maskati husali, aombe cheti kipya cha ubatizo akiwa nyumbani, pamoja na uthibitisho kwamba yuko huru kuoa au kuolewa. Cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa kwa desturi kisizidi miezi sita tangu kilipotolewa. Hiki ni cha paroko wa kule, si cha kaunta.

Siku ya safari, na siku zinazoitangulia

Tunashauri hesabu yote imalizike majuma manne kabla. Mfanyakazi ampigie kafili wake, au mandubi wa kampuni anayeshughulikia karatasi, amwombe ahakikishe katika mtandao wa serikali kwamba ukaazi uko hai. Asiridhike na kuambiwa hakuna shida. Aombe picha ya kioo inayoonyesha jina lake, namba yake na neno linalosema kwamba ukaazi unatumika. Sababu ya kulisisitiza hili ni kwamba ukaazi huweza kufutwa kabla ya kikomo chochote, mwajiri akiamua kumaliza ajira au akitoa taarifa kwamba mfanyakazi ametoroka. Mwenye kadi mkononi hapati barua. Wengine wamekuwa wakiongea na mwajiri kwa simu kila juma, na mwajiri akaona haya kuwaambia kwamba amekwisha kumchukua mwingine.

Ikigundulika kwamba ukaazi umekufa, badilisha au ahirisha tiketi kabla ndege haijaondoka. Tiketi nyingi za bei nafuu hupoteza thamani yake, au sehemu kubwa, kwa abiria ambaye hakutokea bila kutoa taarifa. Aliyekataliwa kaunta yuko katika hali hiyohiyo: asiende kulia nje akasahau tiketi, bali aombe palepale iahirishwe, na amwombe mhudumu amwambie kwa maneno kamili sababu aliyoisoma. Je, ukaazi umefutwa? Viza ya kurudi imekwisha? Pasi haikupatikana? Majibu hayo matatu yana tiba tatu tofauti, na mtu anayerudi Dodoma na neno moja tu, kwamba wamemkatalia, hawezi kusaidiwa na yeyote. Kwa anayetoka kwetu hili lina uzito wa fedha: treni, malazi ya Dar, teksi za kwenda na kurudi, vyote vimekwisha kulipwa.

Siku yenyewe, weka katika begi la mkononi, si katika sanduku litakaloingia tumboni mwa ndege, pasi mpya na ya zamani, kadi ya ukaazi, karatasi ya viza ya kurudi kwa wa Saudia, mkataba wa kazi, picha ile aliyotuma mwajiri iliyochapishwa, na namba yake ya simu. Baada ya kaunta ya ndege yuko bado Afisa Uhamiaji wa Tanzania, ambaye anaweza kuuliza unakwenda kufanya kazi gani na nani alikupeleka. Si udadisi. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inamtaka awe macho, na mkataba uliopita kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, yaani TaESA, ndio jibu fupi kuliko yote.

Ni hapohapo, kati ya kukataliwa na kurudi nyumbani, vishoka humkuta mtu. Humwambia kwamba ukaazi uliokufa si tatizo, kwamba watampatia viza ya matembezi, afike kwanza, na mwajiri atamalizia mengine kule. Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi. Anayefanya kazi nayo hana mkataba unaotambuliwa, na akinyimwa mshahara au kupigwa, ataogopa kwenda polisi, maana yeye mwenyewe ndiye mwenye kosa la ukaazi. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania wafanyao kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, liliandika kwa kirefu habari za pasi kushikwa, mishahara kuzuiwa na kazi zisizo na mwisho. Wengi wa walioyasimulia hayo waliingia kwa viza za kazi. Aingiaye kwa viza ya matembezi anaanzia chini zaidi ya hapo.

Tumalizie kwa wale ambao shida yao ni kinyume: hawatafuti kurudi kazini, wanatafuta kuja nyumbani, na pasi iko kabatini kwa mwajiri au imepotea. Mtu huyo asikubali kuambiwa kwamba bila pasi ile hawezi kusafiri. Balozi zetu zilizoko Maskati, Riyadh na Abu Dhabi, pamoja na ubalozi mdogo wa Dubai, zinaweza kumpatia hati ya dharura ya safari, ambayo shirika la ndege huikubali kwa safari ya kuja Tanzania tu. Kwa Saudia bado atahitaji viza ya kutoka, na ubalozi ndio wa kulisemea hilo kwa mamlaka za kule. Ndugu walioko huku wanaweza kuharakisha mambo kwa kutuma nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, au nakala ya pasi yenyewe. Ndiyo maana, kabla binti hajaondoka kijijini mara ya kwanza, nakala ya ukurasa wa kwanza wa pasi yake ibaki kwa mama, nyingine kwa katibu wa parokia, na namba ya pasi iandikwe kwa kalamu mahali ambapo simu ikiharibika bado itasomeka.